Mtoto Tuliyemsifu kwa Kunona

Koti la kwanza kuvaa maishani mwangu nililivua kutoka kwa sanamu. Wacha nieleze kabla hujanifikiria vibaya. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alipenda kuchapa, na mimi nikaona hiyo kazi ya kuchapwa naweza kufanyiwa nyumbani bila kutembea asubuhi yote. Nikapanda Timau kutafuta kibarua kwenye mashamba ya ngano. Baridi ya Timau asiyelala huko haijui. Wenye masharubu waliamka yamekuwa magumu kama waya. Mimi masharubu sikuwa nayo, lakini niliwaamini.

Nilikuwa na shati moja na gunia moja. Katikati ya shamba ilisimama sanamu ya kutisha ndege, miti miwili imefungwa msalaba, na juu yake koti zito la sufu, la mtu mkubwa, lenye vifungo viwili vilivyobaki. Siku tatu nilipita nikiliangalia. Siku ya nne nikaivua ile sanamu, nikaivalisha gunia langu, nikavaa koti. Msimamizi akaja, akatazama sanamu, akanitazama mimi, akasema, "Sasa kati yenu wawili sijui ndege wamwogope nani." Wafanyakazi wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini hakuninyang'anya. Mpaka leo namwombea huyo mtu, popote alipo.

Lile koti nilishuka nalo hadi kwetu, upande wa Githongo, kwenye kahawa. Nilioa nalo. Si harusini, usicheke, lakini siku niliyokwenda kujitambulisha nililivaa. Mke wangu hakulipenda tangu siku hiyo. Mara mbili alitaka kulichoma. Limefunika mbegu za viazi, limelaliwa na mbwa, mwanambuzi aliyekataliwa na mamake alilala ndani yake jikoni mpaka akapata nguvu. Nililiweka tu, kama mtu anavyoweka vitu. Na ndilo nililomfunga mjukuu wangu asubuhi ile tulipoteremka naye hospitalini Nkubu. Ndiyo maana nimeanza nalo. Mengine yote yanatoka humo.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi ya ofisi mjini Embu. Mtoto alipokaribia mwaka, binti akagundua ana mimba nyingine. Kwetu kuna maneno ya zamani kwamba maziwa ya mama mwenye mimba yanamharibu anayenyonya. Nilikuja kuambiwa baadaye si kweli, lakini sisi tuliyaamini, na mke wangu ndiye aliyempigia simu kumwambia amwachishe mara moja. Akamwachisha. Mdogo alipozaliwa, mkubwa akaletwa kwetu mlimani, ale chakula cha shamba, apate hewa.

Chakula cha shamba alikula. Hapo hakuna mtu wa kuniambia nilimnyima. Mke wangu nyonga zake zimechakaa, haondoki kitini bila fimbo, kwa hiyo mpishi wa mtoto nilikuwa mimi. Nilimpondea ndizi. Nilimpondea viazi. Uji wa mahindi asubuhi, chai ya rangi yenye sukari ya kutosha mchana, jioni ndizi tena. Kwetu mtoto akipata ndizi iliyopondwa vizuri, laini, bila uvimbe, watu wanasema huyo ana mwenyewe. Maziwa ya ng'ombe wetu yalikwenda deri kuuzwa. Mayai yalikwenda sokoni, na hata yangebaki, mke wangu anasema mtoto akila yai kabla ya kuzungumza anachelewa kusema. Maharagwe tulisema yatamjaza tumbo hewa. Basi ukitoa maziwa, ukatoa mayai, ukatoa maharagwe, utaona mwenyewe kilichobaki kwenye sahani. Lakini mimi sikuona. Niliona sahani imejaa.

Akapata surua hafifu, au kitu kama surua, akaharisha wiki mbili, akapona. Baada ya hapo akaanza kujaa. Mashavu yakaja mviringo, miguu ikawa minene na inang'aa. Jirani wakipita wanasema, "Mzee, mjukuu wako amenona!"

Hapo nisimame kidogo kwenye hilo neno. Kuna mwalimu wa kutoka pwani niliyewahi kubeba mizigo yake, alinisahihisha: mtu ananenepa, kinachonona ni mnyama. Sawa. Lakini kwa lugha yetu ya nyumbani neno ni moja tu, la mtoto na la fahali, na kusikia mjukuu wako amenona ni sifa inayomfanya mzee alale vizuri. Mimi nililala vizuri wiki kadhaa. Ni kweli mtoto alikuwa mkimya. Ukimweka hapo utamkuta hapo. Nikasema ni mtoto mwenye adabu. Nywele zikawa laini, nyekundu nyekundu kama nywele za mahindi, nikasema amechukua za ukoo wa baba yake. Kila dalili nilikuwa na jibu lake. Mtu asiyesoma usifikiri hana majibu. Anayo mengi sana.

Aliyenivunjia majibu yangu ni mama wa afya wa kijiji, jirani ambaye kahawa yake inapakana na yangu kwa chini. Hao akina mama hupita nyumba hadi nyumba na utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye rangi tatu kama taa za barabarani. Akampima. Utepe ukasimama kwenye njano.

"Si nyekundu," nikamwambia. "Umeona? Na kijani iko hapo karibu."

"Nimeona, mzee. Hebu nipe miguu."

Akaweka vidole gumba viwili kwenye miguu yake miwili, upande wa juu wa nyayo, akabonyeza polepole, akihesabu kwa midomo. Akaondoa. Mashimo mawili yakabaki. Yalibaki pale kama mtu amebonyeza unga uliokandwa, na mtoto hata hakulia.

"Hii si nyama," akasema. "Haya ni maji. Miguu yote miwili ikibonyea hivi, utepe hauna kazi tena. Leo, mzee. Si kesho."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia ana wivu. Ana wajukuu wembamba, kwa hiyo amekuja kuniharibia wangu. Yeye akaketi kwenye kigoda, akasema haondoki mpaka anione nimetoka na mtoto, hata kahawa yake ikiibiwa. Mke wangu akasema kutoka kitini, "Mchukue. Ukibishana utabishana na mimi." Ndipo nikashika koti.

Katika wodi ile ya watoto mwanamume nilikuwa peke yangu. Akina mama walinipokea kwa vicheko. "Mzee, umejifungua lini?" mmoja akauliza. Mwingine, "Mwacheni, hajapata hata uji wa mzazi." Nikacheka nao, ningefanya nini. Kitanda cha karibu nami alikaa mama kijana anayefanya kazi ya maua huko Timau, likizo ya uzazi ilikwisha akarudi kazini, mtoto akaachiwa msichana wa nyumba na chupa. Maziwa ya chupa yaliongezwa maji, siku baada ya siku, yafike mwisho wa mwezi. Wazazi wake ni wa Nkubu, ndiyo akamleta huku. Mtoto wake, wa kike, alikuwa mifupa na ngozi. Uso kama wa bibi kizee, mbavu unazihesabu, na makalio hayapo, ngozi imening'inia pale kama suruali ya kukopa. Lakini macho! Macho yalikuwa yanakufuata. Ukishika kikombe, shingo inageuka. Alikuwa na njaa na alikuwa anaijua.

Nilimhurumia sana yule mama. Nikamwambia, na ninaandika hili nikiwa na aibu, "Binti yangu, Mungu atakusaidia, atafika siku moja anone kama huyu wangu."

Muuguzi ndiye aliyejibu. Alikuwa mwanamke mfupi wa upande wa Embu, sauti ya chini kabisa, hakuwahi kuipandisha siku zote nilizokaa pale. Aliniita guka, yaani babu, tangu mwanzo.

"Guka, huyo mwembamba na huyu wako wote wana njaa kali. Njaa mbili tofauti. Huyo wa mama ni marasmus. Chakula chote kilipungua, mwili ukaanza kujila wenyewe, mafuta kwanza, halafu nyama. Wako ni kwashiorkor. Amekula akashiba tumbo, lakini vya kujenga mwili havimo, na ugonjwa ukapita juu yake. Maji yakatoka kwenye damu yakakaa chini ya ngozi. Kwa nini mmoja anakauka na mwingine anavimba, hata madaktari wakubwa hawajamaliza kuelewana. Lakini huyu wako ndiye ninayemhofia zaidi leo."

"Huyu mnene?"

"Huyu mnene."

Akavuta nywele mbili tatu za mtoto kwa vidole. Zikatoka bila shida, kama nyasi kwenye udongo wa mvua, na mtoto hakushtuka. Akanionyesha nyuma ya mapaja, mahali ngozi ilikuwa imeanza kubanduka kama rangi ya zamani ukutani. Mimi nilidhani ni joto la nepi. Akasema jina hilo la kwashiorkor limetoka kwa watu wa mbali, Afrika Magharibi, na kwao maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Watu ambao sijawahi kuwaona, wasiojua njia ya kwetu, walishaijua nyumba yangu.

Alipotaka kulitoa koti nikamwambia samahani kwa harufu. Akamgusa mtoto kifuani, akamrudishia koti. "Liache. Watoto hawa hawawezi kujipasha joto. Baridi inawaua haraka kuliko njaa. Mkumbatie ndani yake, ngozi kwa ngozi." Nikafungua shati mbele ya akina mama wote wale, na kifua changu hiki cha mvi, nikamlaza. Wakasema, "Sasa ananyonyesha!"

Walimpa kwanza maji ya sukari, kidogo kidogo, kwa sababu sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Wakampa dawa ya kuua vijidudu, ingawa hakuwa na homa. Nikauliza dawa ya nini. Muuguzi akasema mwili wake hauna hata nguvu ya kupandisha homa, kwa hiyo hawangoji ishara. Halafu yakaja maziwa. Wanayaita ya sabini na tano, kwa kipimo cha nguvu kilichomo. Kikombe kidogo, mara moja kila saa mbili, mchana na usiku. Nilipoyaonja mdomoni yalikuwa mepesi na matamu, na kiasi chake, hata paka wetu angelalamika.

Nikamwambia muuguzi, "Umesema hana vya kujenga mwili. Basi mpe! Mpe nyama, mpe yai. Mbona mnampa haya?"

"Guka, umewahi kuona mtu aliyefunga siku nyingi akapewa karamu? Mwili wa huyu umezima mitambo mingi ili ubaki na moto kidogo. Moyo umekuwa mdogo na mlegevu, ini halifanyi kazi sawasawa. Ukimletea chakula kizito, ukimletea chumvi, moyo unapewa mzigo ambao hauwezi kuubeba. Sasa hatumneneshi. Sasa tunamzuia asife. Kujenga kutakuja, na utaona, lakini mwili wenyewe ndio utatuambia lini."

Nilielewa. Ama niseme, masikio yalielewa. Macho hayakuelewa.

Kwa sababu kila asubuhi walimpima mizani. Na kila asubuhi mizani ilishuka. Siku ya pili nikasema labda mizani ni mbovu. Siku ya tatu yule mtoto mwembamba wa Timau hakuongeza, lakini hakupungua, na wangu akapungua tena, mashavu yakaanza kuporomoka. Mimi nimenunua na kuuza mbuzi miaka mingi. Najua mnyama anayepungua anakwenda wapi. Nikaona hawa watu wananiulia mtoto kwa vikombe vya maji meupe, kwa sauti ya chini na adabu nyingi.

Adhuhuri nikatoka nje ya lango. Kuna mama anayeuza supu ya mbuzi pale, ya mifupa, nzito, yenye chumvi na pilipili. Nikamwambia asitie pilipili. Hiyo ndiyo busara pekee niliyokuwa nayo siku hiyo. Nikarudi na supu ndani ya koti, nikageukia ukuta, nikampa kwa kijiko. Na alikunywa! Mtoto aliyekuwa anabembelezwa kwa kila tone, alikunywa vijiko kwa vijiko, ile chumvi ilimpendeza. Karibu kikombe kizima. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nikasema kimoyomoyo, nawaonyesha.

Mama wa Timau aliniona. Alikuwa amempakata mtoto wake, akaniangalia, akaangalia kikombe. Akasema polepole, "Mzee, si walisema hapana?"

"Binti, nyamaza. Wewe una wako."

Akasimama, akamlaza mtoto wake, akatembea moja kwa moja mpaka meza ya wauguzi. Nilimsikia. Hakunong'ona. "Mzee wa koti amempa mtoto supu."

Nilimchukia kwa muda wa saa moja, chuki kamili, chuki ya kutaka kuhama kitanda. Halafu mtoto akaanza kupumua haraka.

Mimi sijui kueleza mambo ya daktari, nitaeleza nilichoona. Tumbo lilipanda na kushuka kama la mbwa aliyekimbia. Muuguzi alikuwa tayari ameketi kando yake, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa. Kidole kwenye mapigo, saa mkononi, anahesabu. Akahesabu tena. Akamwita daktari. Wakasema kikombe kinachofuata kisitolewe kwanza. Wakamwinua kichwa, wakampa hewa ya bomba. Nikauliza mbona hamumtundikii maji, kila mgonjwa hutundikiwa maji. Akasema maji ndiyo yatakayommaliza. Moyo umejaa tayari. Kazi ilikuwa kumwangalia, na kuhesabu, na kungoja uone kama moyo mdogo ule utaweza kuvuka hicho kikombe changu cha supu.

Hakuna aliyenigombeza. Ningetaka wanigombeze. Nilitoka nikasimama kwenye ukuta wa jikoni la hospitali, mahali wanapomwaga majivu, nikamwambia Mungu maneno ambayo si ya kuandika, mengine ya kuomba na mengine si ya kuomba. Nilikuwa nimewazika wazazi, nimezika kaka wawili, lakini hao wote walikufa wenyewe. Huyu nilikuwa nimemlisha mimi.

Jua lilipoanza kulegea muuguzi alinikuta pale pale. Akasema, "Pumzi zimeshuka. Mapigo yameshuka. Tutampa kikombe nusu sasa, tuone." Halafu akasema, "Guka, kama tungejua kesho, tungekuwa tumemwongezea maziwa juu ya supu bila kujua. Shukuru aliyetuambia."

Nikaenda kwa yule mama kijana. Nilikuwa na hotuba ndefu, mimi ni mtu wa hotuba, lakini ilipotea njiani. Nikamwambia, "Umenichongea vizuri."

"Pole, babu."

"Usiseme pole. Ungeninyamazia, tungekuwa tunapiga simu Embu sasa hivi."

Akacheka kidogo, akanishikisha mtoto wake ili aende bafuni. Hivyo nikawa na watoto wawili mikononi, mmoja wa mifupa na mmoja wa maji, na kwa mara ya kwanza nikaonja tofauti kwa mikono. Yule wa kike alikuwa mwepesi kama kuku, na alinishika kidole kwa nguvu akakipeleka mdomoni. Wangu alikuwa mzito, na hakushika kitu.

Baada ya hapo nilikunywa amri kama dawa. Wakisema saa nane, mimi saa nane kasorobo nimeshafungua macho. Na mizani ikaendelea kushuka, na muuguzi akanifundisha kuisoma upya: yanayotoka ni maji, guka, si mtoto. Aliniambia nibonyeze mguu mwenyewe kila asubuhi. Shimo likawa dogo. Uvimbe ukashuka usoni, ukashuka mikononi, ukabaki vifundoni, ukatoka. Na siku ulipokwisha nilimwona mjukuu wangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kumbe chini ya unene wote tuliousifu palikuwa na mtoto mwembamba karibu kama yule wa Timau. Mikono kama vijiti vya kufumia. Nikamfikiria kila jirani aliyeniambia amenona, na mimi niliyeitikia asante.

Wiki ya kwanza ikiwa inaisha, asubuhi moja nilikuwa namshikia kikombe, na kikombe kikavutwa. Nikadhani nimetetemeka, mikono yangu ni ya uzee. Kikavutwa tena. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Akamaliza, akatazama ndani ya kikombe, akanitazama mimi, na uso wake ukakunjamana akalia. Analia anataka kingine! Nilipiga kelele mpaka wauguzi wakakimbia wakidhani msiba. "Analia! Njooni mwone, analia!" Akina mama wakapiga vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume aliyezaliwa. Muuguzi wa Embu akasema, "Hiyo sasa ndiyo sauti niliyokuwa nangoja. Mwili umetuambia."

Ndipo wakabadilisha. Polepole, si kwa siku moja. Wakaanza na ile pakiti ya karanga, iliyosagwa na maziwa na mafuta na sukari na madini ndani yake, laini kama siagi. Unakata kona, mtoto ananyonya kidogo kidogo, na pembeni maji safi ya kunywa. Walioshindwa kula pakiti walipewa maziwa ya pili, yale ya mia, mazito zaidi. Wote wawili, wa mifupa na wa maji, walianza pamoja, na sasa ilikuwa mizani ya kupanda. Kumbe njaa zilikuwa mbili, lakini njia ya kurudi ilikuwa moja. Nilikatazwa kuonja pakiti. Nilionja mara moja tu. Ni tamu, sasa naelewa kwa nini wanakataza.

Walinifundisha pia kucheza. Hilo lilinishangaza kuliko dawa zote. Muuguzi alisema akili nayo imekaa na njaa, na mtoto asipochezewa anajenga nyama bila kujenga mtu. Akanipa vifuniko vya chupa ndani ya kopo. Mzee mzima nikakaa sakafuni natikisa kopo, na akina mama wakisema, "Guka, piga nyingine!" Kwenye siku ya kumi na kitu, nilipoangusha kopo kwa bahati mbaya mguuni kwangu nikaruka, mjukuu wangu alitabasamu. Sijui kama ni kopo au ni mimi. Nikaliangusha tena kwa makusudi, mara nyingi, mpaka kidole kikavimba.

Binti yangu alikuja Jumamosi kutoka Embu, mdogo mgongoni. Aliposimama mlangoni nilitaka kumwambia yote kwa mpango, lakini nilimwambia supu kwanza. Akalia, akanishika mkono, akasema, "Baba, hata mimi nilimwona kwenye picha ya simu nikasema amenenepa." Basi tukawa wawili. Muuguzi akatukalisha, akatuambia tutakachofanya nyumbani, na hakutaja kitu hata kimoja cha dukani. Maharagwe yaliyoiva sana, yamepondwa pamoja na hizo hizo ndizi. Yai, azungumze asizungumze. Kikombe cha maziwa kibaki nyumbani kabla mtungi haujaenda deri. Mboga, na mafuta kijiko ndani ya uji. "Ndizi zako si adui, guka," akasema, "ila umeziacha zifanye kazi peke yake." Tuliporudi nyumbani, mke wangu alipoambiwa habari ya yai aliniagiza nimletee kuku wote karibu na kiti chake awahesabu.

Mama wa Timau alitoka siku mbili kabla yetu, mtoto wake ameanza kuwa na makalio. Tulishikana mikono. Alisema amepata dada yake wa kumkalia mtoto, na pakiti za wiki. Sijui jina lake la kanisani mpaka leo. Kila Jumapili ninapofika mahali pa kushukuru, yeye natangulia naye, na nyuma yake anakuja yule jirani wa kahawa aliyekataa kutoka kwenye kigoda. Nilimpelekea debe la viazi. Akasema, "Mzee, sasa huna wivu na wajukuu wangu wembamba?" Nilistahili.

Tulirudi hospitalini kila wiki. Wanabonyeza miguu, wanapima mkono, wanapima mizani, tunapewa pakiti za siku saba tunarudi mlimani. Na kila wiki nilikaa kwenye lile benchi la nje, chini ya mabati, mjukuu wangu amekaa mapajani pangu amejiegemeza, maana kutembea alikuwa amesahau. Alijifunza tena nyumbani, akishika kiti cha nyanya yake, lakini hospitalini alikuwa bado anataka kubebwa.

Mara ya mwisho kwenda, yule muuguzi wa Embu alibonyeza miguu, akatazama kadi, akaangalia wiki zote zilizopita, akabonyeza tena kana kwamba anatafuta sababu ya kutuona. Utepe ulikuwa kwenye kijani, na kijani chenyewe si cha mpakani. "Guka," akasema, "huyu hatumtaki tena hapa."

Nikakaa benchi nikingoja kadi ipigwe muhuri. Ng'ambo ya uwanja, karibu na tangi la maji, watoto wanne watano walikuwa wanamfukuza jogoo wa mpishi. Mjukuu wangu aliwatazama. Akaninyanyua mkono uliokuwa umemshika, akauweka kando, kama mtu anayeondoa tawi njiani. Akateleza mapajani mpaka miguu ikafika chini. Nikamwambia ngoja. Nikamwita kwa jina lake, na kwa jina la utani, na kwa jina la babu yangu alilorithi. Hakugeuka. Alivuka uwanja kwa miguu yake miwili mikavu, akaingia katikati ya wale watoto, na mpaka kadi ilipopigwa muhuri kwangu hakurudi.